Mwongozo wa Njia Moja

Mwongozo wa kusahihishia uliotumika siku ile ulikuwa na mwandiko wangu, lakini haukuwa mwongozo niliouandika. Nalisema hili mapema kwa sababu waliokuwepo, kama bado wanakumbuka, wanakumbuka mwandiko tu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ya ualimu wa hesabu na fizikia, nasubiri ajira kama wenzangu wote tuliomaliza pamoja. Kusubiri ni kazi pia, ila haina pa kwenda asubuhi. Nikaomba kujitolea katika shule ya sekondari ya kata iliyo juu ya Lukozi, mahali ambapo ukungu unaingia darasani kupitia dirishani na kukaa na wanafunzi mpaka saa nne. Walinipokea vizuri. Mwalimu wa hesabu hawakuwa naye. Shule jirani, upande wa Malindi ya hukuhuku milimani, si ile ya pwani, hawakuwa naye pia, na sisi tulihesabiwa kuwa na bahati kwa sababu ya mtu ambaye hakuwa na barua yoyote ya kazi.

Kila mwaka, baada ya likizo ya Juni, wanafunzi wa kidato cha pili wa shule zote mbili waliwekwa kambi kwetu mpaka upimaji wa taifa wa mwezi wa kumi na moja. Kambi maana yake kulala shuleni, kula kande, na kufundishwa asubuhi mapema na jioni. Wavulana walilala kwenye darasa lililokuwa halitumiki. Wasichana walilazimika kulala bwenini, na bweni lilikuwa na vitanda vichache kuliko wasichana. Miaka iliyotangulia vitanda viligawiwa kwa maneno: huyu anatoka mbali, yule mama yake mgonjwa, huyu baba yake yuko kwenye kamati ya shule. Mwaka ule mwalimu wa taaluma, mtu wa Tanga mwenye sweta la kijani alilolivaa hata jua likiwaka, akasema imetosha. Vitanda vitagawiwa kwa karatasi moja ya hesabu.

"Kwa nini hesabu?" nikauliza kwenye kikao.

"Kwa sababu hesabu hazina ndugu, madam. Jibu ni jibu."

"Na anayefaulu ndiye anayehitaji kambi, au anayefeli?"

Walimu wakacheka. Mwalimu wa taaluma akanitazama kwa huruma ya mtu mzima. "Maswali yako yangekuwa mahindi," akasema, "hii shule isingelala njaa."

Karatasi aliitunga yeye mwenyewe kutoka kwenye vitabu: milinganyo kumi yenye x moja. Nikapewa kazi ya kuandaa mwongozo, wenye hatua zote, mstari kwa mstari. Hatua ziwe wazi sana, akasema, kwa sababu watakaosahihisha si watu wa hesabu. Ni walimu wa masomo mengine wa shule zote mbili. Mimi ningesahihisha karatasi za Malindi tu. Za shule yangu sikuruhusiwa kuzigusa, ili mtu asije akasema nimewabeba wangu.

Nikakubali. Lilionekana jambo la haki, na hata leo nikilitazama lenyewe peke yake sioni lilipopinda.

Kulikuwa na msichana mmoja darasani kwangu ambaye kwake kitanda hakikuwa starehe. Kwao ni bonde la mbali, ng'ambo ya msitu. Mvua ikinyesha njia yao inakuwa utelezi mtupu, na wakati wa masika alikuwa akifika kipindi cha pili kimeshaisha, sketi ina matope mpaka magotini, viatu mkononi. Matokeo yake ya kidato cha kwanza yalikuwa ya mtu anayekosa nusu ya masomo. Baba yake, mkulima wa karoti na kabichi, alikuwa amenena neno moja tu: akipata kitanda, godoro nitalibeba mwenyewe, asipopata, aendelee kupanda na kushuka, na siku za mzigo atabaki shambani. Alilisema bila ukali, kama mtu anayeeleza ratiba.

Msichana huyu hakuwa hodari wa kila kitu. Kiingereza kilimtesa, na maelezo yote ya hesabu zetu yako kwa Kiingereza. Lakini mlinganyo una maneno machache, na kwenye milinganyo alikuwa na jambo lake.

Inabidi nieleze jambo hilo. Wanafunzi wangu walikuja kwangu wakiwa na kanuni moja waliyoipata kwa waliotangulia: namba ikivuka alama ya sawa na, inageuka. Jumlisha inakuwa toa, toa inakuwa jumlisha. Kanuni ni nyepesi, na inafanya kazi mpaka siku inapokataa. Mpe anayeishi kwa kanuni hiyo 3x = 12, atakuandikia x ni sawa na 12 gawanya kwa hasi 3, yaani hasi 4. Ukimuuliza hasi imetoka wapi, anakushangaa: si imevuka?

Vitabu vinasema tumia mizani. Nilijaribu mizani kwa wiki nzima. Huku mboga hazipimwi. Karoti zinauzwa kwa tenga, kabichi kwa gunia la lumbesa lililojazwa mpaka likaota kichwa, na mizani ni kitu cha zahanati cha kupimia watoto. Nikaiacha mizani nikachukua pikipiki. Bodaboda wa Lukozi wanafunga tenga kulia na tenga kushoto, halafu wanashuka kona zote hizo. Ukipunguza kulia, nikawaambia, punguza kushoto kiasi kilekile, la sivyo pikipiki inalala korongoni. Hilo walilielewa wote. Wengi wao wameona pikipiki iliyolala korongoni.

Siku nilipoandika ubaoni 3(x − 4) = 15, nikaanza kufungua mabano kama nilivyofundishwa mimi: 3x − 12 = 15. Msichana yule akanyoosha mkono.

"Madam, kwa nini unamwaga?"

"Namwaga nini?"

"Matenga. Si ni matenga matatu yanayolingana, na yote pamoja ni kumi na tano? Basi tenga moja ni tano. Kwa nini uyamwage yote chini ndipo uanze kuokota?"

Darasa likacheka, mmoja akamtania kwa Kishambaa, naye akamjibu kwa Kishambaa neno lililomfanya mwenzake ainamie daftari. Mimi nilikuwa nimesimama na chaki. Nikaandika alichosema. x − 4 = 5. Kwa hiyo x = 9. Mistari miwili, bila hasi kubwa, bila mahali pa kuteleza. Nikamwambia aendelee hivyohivyo. Akaendelea. Mabano yoyote aliyokutana nayo aliyatazama kwanza kama yanaweza kugawanyika kabla hayajamwagwa, na akiona hayagawanyiki vizuri ndipo anamwaga.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika mwongozo, sikuweza kuandika njia moja na kusema nimemaliza. Swali la nne lilikuwa hilohilo, 3(x − 4) = 15, la alama tatu. Nikaandika njia ya kwanza: 3x − 12 = 15, alama moja; ongeza 12 kila upande, 3x = 27, alama moja; gawanya kila upande kwa 3, x = 9, alama moja. Chini yake nikaandika njia ya pili: gawanya kila upande kwa 3, x − 4 = 5, alama mbili; ongeza 4 kila upande, x = 9, alama moja.

Swali la sita lilikuwa 7 − 2x = 1. Njia ya kwanza: toa 7 kila upande, −2x = −6, kisha gawanya kwa −2, x = 3. Lakini kuna mwanafunzi anayeogopa hasi, ataongeza 2x kila upande apate 7 = 1 + 2x, halafu 6 = 2x, halafu 3 = x. Nikaiandika na hiyo, na nikaongeza kwamba 3 = x ni jibu lilelile, asije mtu akalikata kwa kuwa x iko kulia.

Swali la nane lilikuwa na sehemu: x/2 + x/3 = 10. Zidisha kila kitu kwa 6, 3x + 2x = 60, 5x = 60, x = 12. Au jumlisha sehemu kwanza, 5x/6 = 10, kisha 5x = 60. Swali la kumi, 2(3x + 1) = 4(x + 4): ukifungua mabano unapata 6x + 2 = 4x + 16, 2x = 14, x = 7. Ukigawanya kwanza kwa 2 unapata 3x + 1 = 2(x + 4), kisha 3x + 1 = 2x + 8, na x = 7 inatoka yenyewe. Kila jibu nililirudisha kwenye swali lake kuhakikisha. Saba kwenye swali la kumi: kushoto 44, kulia 44. Nilifurahi, nakiri. Nilikuwa na umri wa kufurahia kurasa zinazokubaliana.

Mwalimu wa taaluma alizisoma kurasa zile akiwa amesimama mlangoni pa ofisi, chai mkononi.

"Hiki ni kitabu," akasema.

"Ni njia ambazo mwanafunzi anaweza kupita."

"Wewe umeandikia wanafunzi. Mimi nilitaka cha walimu. Mwalimu wa Kiswahili nimpe njia mbili za kupata tisa? Atamaliza lini? Na hii ongeza kila upande, ongeza kila upande, ya nini? Andika ikivuka inageuka, yaishe."

"Haigeuki kwa kuvuka. Haivuki kitu."

"Madam." Akashusha kikombe. "Njia moja kila swali. Ile ya kufungua mabano, ndiyo watu wote wanaijua. Karatasi mbili, mbele na nyuma, mashine ya kudurufu ina wino wa kubembeleza."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Niliambulia mstari mmoja mwishoni mwa mwongozo: Njia nyingine yoyote iliyo sahihi ipewe alama zote. Nikauandika kwa herufi kubwa na kuupigia mstari chini. Kisha nikanakili kila swali kwa njia moja, ya kufungua mabano, kwa mkono wangu, nikamkabidhi.

Wanafunzi walifanya karatasi asubuhi yenye baridi, viganja wamevificha ndani ya mikono ya masweta mpaka ilipobidi kushika kalamu. Karatasi hazikuwa na majina, zilikuwa na namba. Mchana walimu wa shule zote mbili tukakaa maabara, chumba chenye meza ndefu na mabomba yasiyotoa maji. Kazi iligawanywa kwa swali: kila mtu na swali lake, karatasi zinapita mkono kwa mkono kama matofali. Rundo la Malindi likapita upande wa meza niliokaa mimi, rundo la kwetu upande wa pili. Swali la nne la rundo la kwetu likamwangukia mwalimu wetu wa Kiswahili. Sharti la kutogusa karatasi za kwetu lilinihusu mimi tu kwa sababu ni mimi tu niliyewafundisha hesabu.

Mwalimu wa Kiswahili ni mtu wa mzaha. Alikuwa anasahihisha kwa sauti.

"Mimi leo ni askari wa barabarani," akasema. "Mstari wa kwanza upo? Pita. Wa pili upo? Pita. Haupo? Shuka, weka pikipiki pembeni."

Watu walicheka na kazi ikaenda. Nilikuwa nimezama kwenye karatasi za Malindi, zilizojaa hasi zilizovuka, nilipomsikia anasita.

"Jamani, huyu kanichekesha. Kaandika x toa nne ni sawa na tano. Tano kaiokota wapi? Kwenye swali kuna tatu, kuna nne, kuna kumi na tano. Tano haimo."

Sikuhitaji kuona namba ya karatasi.

"Amegawanya kwa tatu pande zote," nikasema.

"Nani kakuuliza, mwalimu?" Alisema kwa mzaha bado.

"Kumi na tano gawanya kwa tatu ni tano."

"Hilo najua, mimi nimefika darasa la saba." Akainua mwongozo. "Hapa mstari wa kwanza ni 3x toa kumi na mbili. Kwake haupo. Mstari wa pili ni 3x ni sawa na ishirini na saba. Kwake haupo. Jibu, tisa, lipo. Nampa moja ya jibu."

"Soma mstari wa chini kabisa."

Akausoma kwa sauti nzuri ya mtu aliyezoea kughani. "Njia nyingine yoyote iliyo sahihi ipewe alama zote. Sawa. Sasa mimi nitajuaje kama ni sahihi? Mimi nimesomea fasihi, mama. Ukinipa shairi lenye vina vibaya nitakwambia kwa kusikia tu. Hii njia nikiisikia haisemi kitu."

"Uliza anayejua."

"Anayejua nani?"

Mwalimu wa taaluma akajibu bila kuinua kichwa kwenye karatasi zake. "Anayejua ni yeye. Na karatasi hiyo ni ya shule yetu, haruhusiwi kuisemea."

"Sisemei karatasi," nikasema. "Nasemea mlinganyo."

"Mlinganyo uko wapi? Si uko kwenye karatasi?"

"Njia ya pili ingekuwemo kwenye mwongozo msingehitaji kuniuliza. Na niliiandika."

"Uliyoiandika haikudurufiwa." Sasa akainua kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. "Madam, nikuulize na mimi swali, maana wewe unapenda maswali. Umejuaje kwamba njia hiyo ni ya kutetea kabla hujaiona karatasi? Kwa sababu umemtambua mtoto. Walimu wa Malindi wamekaa hapa wanasikiliza. Ukiendelea, utamponza."

Mwalimu mmoja wa Malindi, mama mtu mzima anayefundisha uraia, akatikisa kichwa polepole. Sikujua anamtikisia nani.

"Tena," akasema wa Kiswahili, akitaka kulipoza jambo, "jibu bila njia siku zetu tuliliita jibu la shingo. Shingo inarefuka mpaka kwenye karatasi ya jirani." Akaandika kitu kwa kalamu nyekundu pembeni ya tano ile, akaisukuma karatasi mbele. Ikapita mkono kwa mkono mpaka swali la tano, la sita, la saba, na kila penye mabano aliyoyagawanya kabla ya kuyamwaga, mtu mwingine aliyekuwa na mwongozo wangu alitafuta mstari wa kwanza, akaukosa, akatafuta wa pili. Nilikaa na karatasi za Malindi. Kuna mwanafunzi wa kule aliyepata swali la nane kwa kujumlisha sehemu kwanza, nikampa alama zote, kwa kuwa mimi nilijua. Kama karatasi yake ingekuwa upande wa pili wa meza angekosa alama ya mstari wa kwanza.

Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Jina la msichana lilikuwa la kwanza chini ya mstari uliochorwa kwa rula kutenga waliopata vitanda na waliokosa.

Alikuja na karatasi yake baada ya kurudishiwa. Akanisalimu, nikaitikia, akaiweka mezani, akaweka kidole kwenye wino mwekundu. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa ameandika: Umeangalizia?

"Madam, mstari huu una kosa gani?"

"Hauna kosa."

"Na huu wa swali la kumi?"

"Nao hauna."

Akasubiri. Alikuwa na tabia ya kusubiri hatua inayofuata, tabia niliyomfundisha mimi. Nikamwambia nitakwenda kwa mwalimu wa taaluma.

Nilikwenda. Safari hii tulikuwa wawili tu, akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu na kufanya swali la nne kwa njia ya msichana, taratibu, midomo ikitembea. Akapata tisa. Akafanya la kumi, akapata saba.

"Yuko sawa," akasema.

"Basi rekebisha."

"Nikirekebisha anapanda juu ya mstari. Akipanda, wa mwisho juu ya mstari anashuka." Akanitajia ni nani. Ni msichana wa Malindi, kwao ni mbali vilevile, godoro lake lilikuwa limeshafika bwenini, na kila alama aliyonayo aliipata kwa kufuata mistari yote mitatu ya mwongozo. "Nenda bwenini ukamwambie wewe. Mwambie mwongozo ulikuwa na makosa. Walimu wake watauliza nani aliuandika, nitawaonyesha mwandiko."

"Wewe ndiye uliyeukata."

"Ndiyo. Na ningeuacha mzima, walimu wangekwama katikati, wangekisia, na ungekuja hapa na karatasi kumi badala ya moja." Akavua miwani. "Kuna kitanda kingine unakijua? Nionyeshe, nimlaze leo."

Nilisimama pale nikitafuta kasoro katika maneno yake, kama ninavyofanya kwa maneno ya kila mtu. Aliyoyasema yalikuwa mabaya na yalikuwa yanashikamana. Sikwenda bwenini. Sijui mtu angekwenda na uso gani.

Baba yake nilikutana naye wiki ile ile gulioni Lukozi, anafungia pikipiki matenga ya karoti, moja huku, moja huku, anakaza kamba huku mguu ameukanyagia kwenye tenga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Habari ya shule?"

"Si nzuri sana. Nilitaka nikueleze kuhusu binti."

"Kasema hakukosea." Aliendelea kufunga. "Nikamwambia mtoto akishindwa akubali. Kanikasirikia."

"Kweli hakukosea, mzee."

Hapo akasimama. Alikuwa na macho yaleyale ya kusubiri. "Hakukosea, na kitanda kapewa mwingine?"

Nikaanza kumweleza. Nikatumia matenga, yalikuwa mbele yetu. Alinifuata vizuri, akaelewa kwamba binti yake alitafuta tenga moja kwanza, akaelewa kwamba ni sahihi. Alipoelewa nikaona nimefanya jambo baya kuliko kunyamaza. Mwanzo alikuwa na mtoto aliyeshindwa, jambo ambalo mzazi analijua. Sasa alikuwa na mtoto aliyeshinda na hana kitu.

"Sasa wewe mwalimu," akasema, "unaniambia ili nifanye nini?"

Dereva wa bodaboda akawasha pikipiki. Mzee akapanda nyuma yake, katikati ya matenga, wakaondoka.

Vuli mwaka ule haikuchelewa. Msichana alikuja siku nyingine, siku nyingine hakuja. Nilimwachia mazoezi kwa mwenzake wa njia moja, mengine yalirudi yamefanywa, mengine yalilowa. Wa kambini walikuwa wanasonga mbele kila jioni, na sikuweza kuwasubirisha kwa ajili ya mmoja. Matokeo ya upimaji yalipotoka, hakufikia kiwango. Hesabu peke yake alikuwa amepata vizuri kiasi. Masomo mengine yalimwangusha, yale yanayotaka uwepo darasani yanaposomwa. Akaandikwa kurudia kidato cha pili. Msichana wa Malindi aliyelala kitanda cha mwisho alifaulu. Nilijaribu kutofurahi, na nilishindwa, na kufurahi kwenyewe kulinichukiza.

Januari nilikuwa bado pale. Ajira zilitangazwa, nikaomba, jina langu halikuwemo. Siku ya kwanza ya milinganyo nikaingia kidato cha pili, naye amekaa nyuma, mrefu kuliko wenzake, sketi imeshushwa pindo. Nikawaeleza habari ya pikipiki na matenga. Wapya wakacheka palepale walipocheka wa mwaka uliopita. Nikaandika ubaoni 5(x − 2) = 20, nikamwita yeye. Nilitaka waone. Nadhani nilitaka kuona mimi.

Akaja, akachukua chaki, akaandika bila kusita:

5x − 10 = 20

5x = 30

x = 6

Mistari mitatu, alama za sawa na zimepangwa moja chini ya nyingine, kama mwongozo.

"Ni sahihi," nikasema. Nikashusha sauti, tulikuwa karibu na ubao. "Lakini wewe ulikuwa unatafuta tenga moja kwanza. Ishirini kwa tano ni nne."

"Najua, madam."

"Kwa nini umemwaga?"

Alinitazama kwa adabu, kama anayemweleza mgeni njia. "Kwa sababu hujui nani atasahihisha," akasema, akanirudishia chaki, akarudi mahali pake.

Walioko mbele walikuwa wananakili. Nikafikiria kuandika njia ya pili pembeni, x − 2 = 4, mistari miwili tu, wachague wenyewe. Mmoja wao, msichana mdogo mwenye sweta kubwa kuliko yeye, akauliza ni ipi itakayotoka kwenye mtihani. Nikafuta ubao, nikaandika swali linalofuata, na mstari wa kwanza niliofanya ulikuwa wa kufungua mabano.